Simu inang'ang'ania 4G, bando linaisha muda bure

Hapa Nakivale watu wanatuletea simu wakisema bando limeliwa. Tukiangalia salio, bando liko palepale. Ukipiga, inaita vizuri. Ila WhatsApp inazungusha tu kaduara. Mama mmoja jirani yetu alinunua bando la siku moja mara mbili, na la kwanza liliisha muda karibu lote halijaguswa. Alikuwa anasubiri ujumbe wa sauti wa mtoto wake aliyebaki Bukavu.

Tuliangalia juu ya kioo: 4G, mstari mmoja. Shida ilikuwa hapo. Simu ikiachwa ijichagulie mtandao, mara nyingi inaanza na 4G, hata kama 4G yenyewe inafika kwa taabu. Mnara una nguvu, kwa hiyo simu inausikia toka mbali. Lakini sauti ya simu ni ndogo, haifiki mnarani. Ni kama mtu anakuita kwa kipaza sauti toka kilima cha pili, na wewe unamjibu kwa mdomo mtupu. Simu inaomba, inaomba tena, inapata joto, betri inashuka, data hakuna. Kupiga kunaendelea kwa sababu simu nyingi zikipiga zinashuka zenyewe kwenye 3G au 2G.

Tukaingia Settings, halafu Mobile network, halafu Preferred network type (kwenye Samsung inaitwa Network mode). Ilikuwa 4G/3G/2G, tukaweka 3G/2G. Kama simu ina laini mbili, hakikisha unabadilisha ile yenye bando. Wengine wanabadilisha nyingine halafu wanasema haisaidii! Baada ya hapo tuliwasha alama ya ndege, tukahesabu mpaka kumi, tukazima, ili simu ijiunge upya. Juu ikatokea H+, ambayo ni 3G, na mistari mitatu. Sauti ya kijana ikashuka, dakika mbili nzima. Mama aliisikiliza mara nne kabla ya kuturuhusu tuondoke.

Tusichague 3G only. Ukifika bondeni ambako 3G haishiki, simu haitashuka kwenye 2G, na hata kupigiwa hutapigiwa. Kama simu yako haina hiyo menyu, kwenye Android nyingi unaweza kuandika hii sehemu ya kupigia:

```
*#*#4636#*#*
```

Simu nyingine zimeifunga, hapo hakuna la kufanya.

Na kama mistari ya 4G imejaa lakini data bado haiendi jioni watu wote wakiwa mtandaoni, huo ni msongamano. Kushuka 3G kunaweza kusaidia, au kusisaidie kabisa. Mnara ukizimika, menyu haina dawa. 3G inatosha kwa maandishi, sauti na picha, lakini video ndefu itakuchosha. Ukienda sehemu ambayo 4G inashika vizuri, rudisha ilivyokuwa.