Rola Moja au Mawili

Mama alipomaliza kupaua nyumba yake ya vyumba vitatu nje kidogo ya mji wa Masaka, alikuwa ametenga shilingi 1,500,000 za Uganda kutoka kwenye mauzo ya kahawa kwa ajili ya kutandaza nyaya. Makadirio ya fundi umeme yalifika 2,007,000. Maana yake ilikuwa kungoja msimu mwingine wa kahawa. Kwa kuwa nilikuwa likizo, mama alinipa ile karatasi nikaipitie.

Nyumba ina sebule na vyumba viwili vya kulala. Tulitaka taa tano, mbili kati yake za nje, kila moja na swichi yake, pamoja na soketi nne za matundu mawili: mbili sebuleni, na moja katika kila chumba cha kulala. Sikuona ziada katika idadi hiyo. Kilichonishangaza kilikuwa nyaya: rola mawili ya waya wa 1.5 kwa taa, na rola mawili ya 2.5 kwa soketi, kila rola mita 90. Nikachukua tepu na kupima.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuhesabu soketi kwa kutazama ramani, akapata mita 17 tu. Ramani haidanganyi, ila inaonyesha nyumba kama mkeka uliotandikwa chini. Waya hauendi hivyo. Unatoka kwenye kisanduku cha breka, unapanda hadi darini, unatembea juu ya dari, kisha unashuka ukutani hadi kwenye soketi. Kama kuna soketi nyingine mbele, unapanda tena. Dari yetu iko mita 2.8 kutoka sakafuni na soketi ziko sentimita 40, kwa hiyo kila mshuko ni mita 2.4. Soketi tatu za kwanza zinahitaji kushuka na kupanda, ya nne kushuka tu: jumla mita 16.8. Ongeza 1.3 za kutoka kwenye kisanduku hadi darini, unapata 18.1. Kuta zimekula waya mwingi kuliko dari yote! Pamoja na zile 17 ni 35.1, na nikiongeza sehemu moja ya kumi kwa kona na ncha za kufungia, karibu mita 39.

Anayenunua mita 17 ataishiwa katikati ya ukuta, na hapo ndipo mafundi wengine huunganisha vipande na kuvifukia kwa plasta. Kiungo kilicholegea hupata joto, na kikiwa ndani ya ukuta hakuna atakayekiona. Lakini mita 39 hazifiki nusu ya rola. Kwa upande wa taa nilipata karibu mita 50. Rola moja la kila aina lilitosha. Dukani la 1.5 liliuzwa 220,000 na la 2.5 liliuzwa 340,000, hivyo tuliondoa 560,000 kwenye karatasi.

Ujira wa fundi ulihesabiwa kwa pointi, 25,000 kila moja. Karatasi ilisema pointi 14. Mama akamuuliza, "Fundi, taa na swichi yake ni pointi moja au mbili?" Akanyamaza kidogo, akasema hutegemea makubaliano. Wakakubaliana iwe moja, zikabaki pointi 9, yaani 225,000. Swali hilo ni la kuuliza kabla ya kazi, kwa sababu baada ya kazi kila mtu ana jibu lake.

Vitu vingine sikuvigusa: soketi 72,000, swichi 40,000, kisanduku chenye breka 190,000, chuma cha kuzika ardhini na waya wake 85,000, mabomba na vikasha vya ukutani 150,000. Jumla ikawa 1,322,000. Mdogo wangu alitaka tupunguze tena kwa kununua waya wa bei nafuu. Nikakwaruza ncha ya ule waya kwa kisu: ndani ulikuwa mweupe, alumini iliyopakwa shaba. Tukaurudisha.

Zile 178,000 zilizosalia mama hakuzitumia. Kampuni ya umeme haiunganishi nyumba bila cheti cha fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, na ada ya kuunganishwa tulitakiwa kuilipa mbali.

Kazi ilipokwisha nilipima waya wa 2.5 uliobaki: mita 47. Ulikuwa umetumika 43, nne zaidi ya hesabu yangu, kwa kuwa fundi alilazimika kuzunguka lenta juu ya mlango wa sebule. Mama ameuhifadhi chini ya kitanda, akisubiri kujenga jiko.