Tumbo la Jaja na Hesabu ya Kijiko

Ninatoka Masaka, kusini mwa Uganda. Chuoni ninasomea sayansi ya lishe, na Kiswahili nimekichagua kama somo la ziada. Mwalimu wetu alipotutaka tuandike jambo tunalolijua wenyewe, nilichagua jaja yangu, yaani bibi mzaa mama, kwa sababu likizo ndefu iliyopita nilikuwa mpishi wake kwa miezi mitatu.

Jaja amepita miaka 75. Hakuwa mgonjwa wa kulazwa, ila alikuwa anapungua. Gomesi zake zilimpwaya, na alipoketi mkekani alihitaji mtu wa kumvuta mkono ili asimame. Nyumbani kila mtu alikuwa na dawa moja tu: "Jaja, ongeza kidogo." Matoke yalirundikwa sahanini, naye akila vijiko vinne anaisukuma sahani. Siku moja aliniambia, "Mjukuu wangu, tumbo langu siku hizi ni kikombe, nanyi mnanipimia kwa debe."

Maneno hayo yalinifungua macho kuliko mhadhara. Ikiwa tumbo ni kikombe, kazi si kutafuta chakula kingi zaidi, bali kuuliza kilichomo ndani ya kikombe hicho.

Mwili wa mzee huhitaji protini zaidi kuliko wengi tunavyodhani. Kijana mwenye afya hukadiriwa gramu 0.8 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mtu aliyevuka miaka 65 wataalamu wa lishe hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2, kwa sababu misuli ya mzee haiitikii chakula upesi kama ya kijana, hivyo hutaka protini zaidi ili ijijenge. Mzee anayeuguza jeraha au anayetoka kwenye homa ndefu huweza kuhitaji hata zaidi. Asipoipata, mwili huichota kutoka kwenye misuli yake, na misuli ya mapaja ndiyo inayomwinua mtu kutoka mkekani.

Tulimpima jaja kwenye mizani ya kituo cha afya: kilo 46. Kwa hiyo lengo lake lilikuwa kati ya gramu 46 na 55 kwa siku. Kisha nikakaa siku mbili nikiandika kila alichokula bila kumsumbua. Asubuhi alikunywa chai ya rangi na kipande cha mkate, gramu 2 au 3. Mchana alikula matoke kidogo na mchuzi mwepesi wa karanga, labda gramu 5. Usiku alipata matoke tena, vijiko vichache vya maharage, na supu ya nyama. Nilipojumlisha yote nilipata kama gramu 15, chini ya theluthi moja ya lengo.

Hiyo supu inastahili maneno machache, kwa kuwa nyumba nyingi zinaiamini mno. Nyama huchemshwa hadi jioni, watoto wanakula minofu, mzee anapewa maji yake "yenye nguvu". Ladha iko ndani ya maji, na chumvi, na mafuta kidogo, lakini sehemu kubwa ya protini imebaki kwenye minofu. Bakuli la supu nyepesi humjaza mzee na kumwachia gramu chache sana. Kama nyama ni ngumu kwa meno yake, afadhali ichemshwe hadi ilainike, itwangwe, kisha irudishwe kwenye mchuzi mzito. Ndugu yake supu ni matoke. Sisi Waganda tusipokula matoke tunasema hatujala, lakini gramu 100 za matoke zina takriban gramu 1 tu ya protini. Sikumnyima jaja matoke yake. Nilibadilisha mpangilio tu: kwanza mchuzi mzito, halafu matoke, ili tumbo likifunga mlango, cha maana kiwe kimeshaingia.

Uji ndio uliokuwa rahisi kuliko vyote. Uji wa ulezi uliopikwa kwa maji hutoa gramu 2 au 3 kwa kikombe. Nilipika unga uleule kwa mililita 200 za maziwa badala ya maji, na ulipoiva nikakoroga kijiko kikubwa kilichojaa cha maziwa ya unga, yaliyokwisha kuvurugwa kwa maji kidogo ya uvuguvugu ili yasifanye madonge. Kikombe kilikuwa kilekile, lakini sasa kilikuwa na gramu 11 hivi. Chai ya rangi ya saa nne ikawa chai ya maziwa, gramu 5 nyingine, na jaja hakuiona kama chakula hata kidogo. Kwake chai ni chai.

Vitabu vyangu vilisema yai ndilo jibu la haraka: yai moja lina gramu 6 hivi, ni laini, na linaiva kwa dakika chache. Vitabu havikulelewa Buganda. Zamani wanawake wa kwetu hawakula kuku wala mayai, na ingawa leo dada zangu wanayala bila wasiwasi, jaja alikua katika desturi hiyo. Alinijibu kwa upole kwamba hakatazwi na mtu, ila ulimi wake haujui pa kuliweka. Shangazi mmoja alipendekeza tulifiche ndani ya uji. Nilikataa, maana mzee akigundua kwamba amedanganywa, ataacha yai na uji pia, na huenda akamshuku kila anayempelekea kikombe. Tuliliacha yai, tukatafuta penginepo. Kwa mzee ambaye hana neno na yai, lipigwe vizuri, likorogwe kwanza na vijiko vichache vya uji wa moto, kisha limiminwe sufuriani na kuchemshwa tena huku likikorogwa hadi liive. Ukilimwaga moja kwa moja kwenye uji unaotokota, linaganda nyuzinyuzi.

Mahali penyewe palikuwa dagaa. Dagaa wa Ziwa Viktoria, tunaowaita mukene, ni chakula cha bei nafuu, na wakiwa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Jaja hakuwataka wazima kwa sababu miiba ilimchoma ufizi. Niliwachagua, nikaondoa vichwa vinavyoleta uchungu, nikawaosha upesi kwa maji ya uvuguvugu mara tatu hadi mchanga ukaisha, nikawaanika, nikawakaanga kwenye kikaango kikavu hadi wakavunjika vidoleni. Kisha nikawatwanga na kuwachekecha. Unga huo ulikaa kwenye kopo lenye kifuniko. Wakati mchuzi wa karanga unachemka, nilitia gramu 10 za unga huo, kama vijiko vinne vya chai, kwenye sehemu ya jaja, nikauacha utokote polepole robo saa. Gramu 10 hizo huleta gramu 5 au 6 za protini, na karanga zilizosagwa, vijiko viwili vikubwa hivi, huleta nyingine 6. Pamoja na matoke mlo ulifika gramu 13, nao ulikuwa bakuli dogo.

Hapa kuna mambo mawili ya kuangalia. Mchanga ukibaki, mzee atasikia mara moja na hatarudia, kwa hiyo onja unga mkavu kwanza kwa ulimi wako. Na karanga zilizoota ukungu, zilizokunjamana au zenye uchungu zitupwe, kwani ukungu huo huacha sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

Alasiri alikunywa bilauri ya bongo, maziwa yetu ya mgando, gramu 6 au 7. Maziwa mengi matamu yalikuwa yanamjaza gesi, lakini ya mgando yalimkalia vizuri, kwa sababu sehemu ya sukari ya maziwa huwa imekwisha kuliwa na vijidudu vya kugandisha. Usiku nilimpa maharage yaliyolowekwa tangu jana yake, maji ya kulowekea yakamwagwa, yakachemshwa hadi yakapasuka, kisha yakasukumwa kwenye chujio ili maganda yabaki juu. Gramu 100 za rojo hilo hutoa takriban gramu 8, na boga au viazi pembeni gramu 2. Kabla ya kulala alikunywa nusu kikombe cha maziwa, gramu 4.

Jumlisha sasa: 11 za uji, 5 za chai, 13 za mchana, 6 za bongo, 10 za usiku na 4 za kulalia. Ni 49. Tumefika ndani ya lengo, na hakuna mlo hata mmoja uliokuwa mkubwa kuliko ule aliozoea kuuacha. Kulikuwa na siku alizofika 35 tu, kwa kuwa mgeni alikuja au mvua ilimnyima hamu. Sikumfukuza na bakuli. Wiki nzima ndiyo niliyoihesabu.

Kuna kosa moja linaloweza kuharibu hesabu yote: kuhesabu protini na kusahau nguvu. Mzee asipopata chakula cha kutosha cha kuupa mwili moto, mwili huichoma protini kama kuni badala ya kuitumia kujengea. Ndiyo maana nilitia kijiko cha mafuta au kipande cha parachichi kwenye mlo wa usiku, vitu visivyochukua nafasi kubwa tumboni. Tena misuli isiyotumiwa haijengeki kwa maziwa peke yake. Kila jioni jaja aliketi kwenye kiti na kusimama mara tano, nikiwa karibu naye. Wiki ya kwanza alijisukuma kwa mikono miwili kila mara. Mwezi wa tatu mara tatu za mwanzo alisimama mikono ikiwa kifuani, na uzito ulikuwa kilo 47 na nusu.

Kabla ya yote hayo tulimwona mganga wa kituo, na sipendi mtu airuke hatua hiyo. Mzee mwenye ugonjwa wa figo uliokwisha kukomaa huenda akatakiwa kupunguza protini, si kuongeza, na lengo lake lazima liwekwe na daktari. Mzee anayepungua ghafla huenda ana kisukari, kifua kikuu au kidonda mdomoni kilichofichwa na aibu. Na anayekohoa kila anapomeza, au ambaye sauti yake hulowa baada ya kunywa, asipewe uji mwepesi kwa haraka. Chakula kinaweza kuwa kinapita njia ya hewa, na hapo shida si hamu ya kula.

Niliporudi chuoni niliacha makopo mawili jikoni, la mukene na la maziwa ya unga, kila moja na kijiko chake ndani, na mstari wa wino kwenye kikombe cha uji kuonyesha maziwa yafike wapi. Binamu yangu wa darasa la sita ndiye anayepika sasa. Hajui gramu, anajua mstari. Juzi alinipigia simu kuniambia mukene wamekwisha na jaja ameuliza kwa nini mchuzi umekuwa mwepesi.