Mzigo uko baharini: shajara ya dukani, Kariakoo

Jumanne, 21 Januari 2025

Presha kuka za umeme za lita 6 zimeisha leo mchana. Ya mwisho kachukua mama mmoja wa Tabata, na kabla hajatoka mlangoni simu ilishaita mara mbili za kuiulizia hiyohiyo. Ramadhani inaanza mwanzoni mwa Machi na watu wameshaanza kufikiria maharage, kunde na supu ya futari. Bei ni 165,000, na hakuna anayebishana nayo.

Nimekaa na wakala wa mizigo kujua hasa nina nini. Ziko 40 baharini, kwenye kontena tunalochangia na wafanyabiashara wengine. Meli ilitoka China mwanzoni mwa mwezi huu. Yeye anasema itafika Dar karibu na tarehe 10 Februari, kisha siku kadhaa za kutoa mzigo bandarini na kuugawa. Zaidi ya hizo 40 sina kitu. Mwaka mpya wa Kichina ni tarehe 29 mwezi huu, wafanyakazi wa viwandani wameanza kurudi makwao, na kiwanda kitaanza kuzalisha vizuri katikati ya Februari. Nikiagiza leo hii, mzigo huo utaingia Aprili, Idi imeshapita.

Kwa hiyo ninachoweza kuahidi ni kile kilicho ndani ya kontena tu. Hata hizo 40 sitaziahidi zote. Kila mzigo huja na chache zilizobonyea au zisizoshika presha, basi nitapokea pesa za watu 36, na nne zitabaki za kuziba pengo.

Meseji tuliyokubaliana na kijana wangu wa dukani ni hii, na hakuna ruhusa ya kuipunguza:

"Habari dada/kaka. Presha kuka za lita 6 zimeisha dukani. Nyingine ziko baharini, tunatarajia kukukabidhi kati ya tarehe 17 na 24 Februari. Meli inaweza kuchelewa. Ukilipa sasa unapata nafasi kwa bei ya leo, na ukibadilisha nia kabla haijafika tunakurudishia pesa yote. Usipotaka kulipa, tunaweza kuandika jina lako tu, lakini hilo halikuwekei mzigo wala bei."

Kijana alitaka tuandike "wiki mbili tu". Nimemkatalia. Mtu akisikia wiki mbili anahesabu siku 14 kwenye vidole, na siku ya 15 ana haki ya kukasirika. Akipewa tarehe mbili na sababu, anajipanga mwenyewe.

Jumatatu, 27 Januari

Nafasi 36 zimejaa. Kuanzia sasa hatupokei shilingi ya mtu, tunaandika majina.

Leo kaja shemeji yangu akiwa na pesa mkononi anataka apenyezwe. "Shem, mimi si mtu wa nje." Nampenda, lakini nimemwandika namba 7 kwenye orodha ya majina, nyuma ya watu sita nisiowajua. Mpangilio ni tarehe na saa ya muamala kwa waliolipa, na saa ya meseji kwa wasiolipa. Siku nikimruka mtu mmoja kwa ajili ya ndugu, orodha nzima inakuwa uongo, maana kila aliyepangwa ameambiwa yuko wa ngapi.

Daftari lina safu chache: jina, namba iliyolipa, jina linalotokea kwenye muamala, tarehe, na alichojibu. Safu ya tatu ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Wengi wanalipiwa Lipa Namba na mume, dada au mtoto, na siku ya kurudisha pesa lazima ujue inarudi kwa nani. Kwenye simu nimewawekea lebo za WhatsApp Business, ya waliolipa na ya wanaosubiri, ili asichanganywe mtu.

Pesa zao nimezitoa kwenye mzunguko. Ni shilingi 5,940,000, na ni pesa tamu kwa mtu mwenye kodi ya fremu mlangoni. Zimekaa kwenye akaunti ya pembeni. Duka jirani waliwahi kununulia masufuria pesa za oda, mzigo ukachelewa, wateja wakazitaka, na masufuria yalikuwa bado rafuni. Hawakukusudia kumdhulumu mtu, ila hawakuwa na cha kurudisha.

Ijumaa, 14 Februari

Wakala kapiga simu asubuhi. Kontena letu lilishushwa bandari ya kati kubadilishiwa meli, na meli ya pili ikaondoka bila hilo. Sasa ni wiki ya kwanza ya Machi kufika, na kutoa mzigo huenda kukasogea hadi tarehe 10 au 12. Ramadhani itakuwa imeshaanza.

Tarehe 17 niliyoahidi haijafika. Kijana anauliza kwa nini tusisubiri, pengine watapata meli nyingine. Lakini leo mteja bado ana wiki mbili za kutafuta kwingine kabla ya mfungo. Nikimwambia tarehe 24 nitakuwa nimemnyang'anya siku kumi kati ya hizo, na ndizo anazozihitaji.

Tumetuma hivi:

"Shikamoo mama / Habari dada. Tuna habari isiyo nzuri. Mzigo wa presha kuka umechelewa njiani, hautafika kabla ya Ramadhani. Sasa tunatarajia kati ya tarehe 8 na 15 Machi. Chagua: NASUBIRI, au NIRUDISHIENI. Ukitaka pesa yako tunaituma leo hii pamoja na ya kutolea. Tusiposikia kutoka kwako hadi Jumapili jioni tutakupigia."

Tumetuma moja moja, watu 36, na imetuchukua mpaka adhuhuri. Kijana alitaka orodha ya matangazo, ibonyezwe mara moja. Ile humfikia tu mteja aliyehifadhi namba yetu kwenye simu yake. Asiyeihifadhi hapati kitu, na wewe unabaki ukidhani amesoma akanyamaza.

Hadi usiku: 19 wanasubiri, 11 wanataka pesa, 6 kimya.

Wale 11 wamelipwa wote leo. Kabla ya kuthibitisha tunasoma jina linalotokea na kulilinganisha na daftari. Kila mmoja katumiwa 165,000 kamili na ya kutolea juu yake, ili akienda kwa wakala atoke na kiasi kilekile alichonipa. Makato ya kutuma ni yangu. Yeye hakuomba kusafirisha pesa yake kwenda na kurudi.

Mama mmoja aliandika kwa ukali kwamba nimemharibia mipango, na ana haki. Nimempigia, nikampa pole, nikamtajia duka la mtaa wa pili ambalo nililiona juzi lina presha kuka za lita 5. Muuzaji mwenzangu kapata mteja wangu. Afadhali hivyo kuliko yule mama afunge bila jiko.

Jumapili, 16 Februari

Nimewaza sana juu ya wale sita wa kimya. Wifi yangu aliyeko Marekani alinisimulia zamani jinsi duka la mtandaoni lilivyomwandikia kuhusu kuchelewa na kumpa nafasi ya kufuta oda, nami nikafuatilia. Tume ya biashara ya huko ina kanuni hiyo tangu 1975, enzi za oda za posta. Muuzaji akichelewa mara ya kwanza, na tarehe mpya haizidi siku 30 baada ya ile ya awali, ukimya wa mteja unahesabiwa kuwa amekubali kusubiri. Akichelewa tena baada ya hapo, au asipojua lini, mteja lazima aseme mwenyewe kwamba anasubiri. Asiposema, pesa inarudi bila yeye kuidai.

Kwa kanuni hiyo ningeweza kuwahesabu hawa sita kuwa wamekubali, kwani ni mara ya kwanza na haizidi siku 30. Lakini tarehe mpya imevuka jambo lenyewe walilonunulia. Kwa wateja wangu Ramadhani ilikuwa ndiyo sababu ya oda, na kimya cha mtu ambaye sababu yake imeondoka sikihesabu kuwa ndiyo.

Tumewapigia. Wanne wamepokea: watatu wanasubiri, mmoja kachukua pesa. Wawili hawapatikani kabisa. Nimezirudisha pesa zao kwenye namba zilizolipa, na meseji kwamba wakitaka bado, watapewa kwanza kabla ya wale wa majina.

Wamebaki 22.

Jumatatu, 10 Machi

Mzigo umeingia. Tumefungua boksi moja moja na kuchemsha maji kwenye kila presha kuka kabla haijatoka. Mbili zimebonyea. Moja inavujisha mvuke pembeni hata baada ya kuubadilisha mpira wa mfuniko. Hiyo haiendi kwa mtu. Nzuri ni 37.

Wale 22 ndio wa kwanza, kwa bei ya Januari, ingawa gharama ya mzigo huu imepanda kidogo. Bodaboda wamekwenda Mbagala, Kimara, Gongo la Mboto. Kati ya wale wawili wasiopatikana, mmoja kajibu leo: alikuwa kijijini bila mtandao, pesa ameikuta, ameituma tena. Kapewa.

Zimebaki 14 za watu wa majina.

Ijumaa, 14 Machi

Orodha ya majina ilikuwa na watu 51. Tumeifuata kutoka juu, kila mmoja tukimpa hadi kesho yake jioni kulipa, kisha tunashuka. Shemeji namba 7 kachukua yake kwa zamu yake. Ili kuuza 14 tumefika jina la 33. Wengine wameshanunua kwingine, wengine hawana pesa tena, na watatu wamesema wazi kwamba waliandikisha majina maduka kadhaa kwa pamoja, wangenunua kwa atakayetangulia. Sina neno nao. Jina halikuwafunga, na tuliwaambia hivyo tangu mwanzo.

Ila kijana sasa anataka tuagize 100. Anahesabu majina 51, anajumlisha simu zote za Februari, anaona soko kubwa. Hapa ndipo wengi mtaani wanapozama. Mtu mmoja akiulizia maduka manne, maduka manne yanaandika mteja mmoja kila moja, yote yanaagiza, na Mei bidhaa ileile imejaa kila fremu kwa bei ya kutupa.

Nimehesabu naye mezani. Majina 18 yamebaki. Kwa kasi tuliyoiona, 14 kati ya 33, wanaweza kununua wanane hivi. Mwezi wa kawaida tunauza 20, na mzigo utakaofuata huu utachukua kama miezi miwili tangu kuagiza hadi kufika rafuni: 40. Za kuziba mbovu, tano. Jumla 53, na kiwanda kinafungasha tano tano kwa katoni. Nimeagiza 55. Meseji kwa wale 18 imeandikwa kwamba mzigo mwingine ni Mei, si kabla, na kwamba asiyetaka kusubiri aseme tu tumfute.