"Pekee" siyo "hasa"

Mdogo wangu wa kazini anaandika utafiti wa diploma huku ananyonyesha. Ripoti ya Turnitin imerudi, aya ya kunyonyesha maziwa ya mama pekee miezi 6 imejaa rangi. Akaanza kubadili neno moja moja: "pekee" ikawa "hasa". Jamani, maana imekufa! "Pekee" ni bila hata maji. Dawa, ORS na matone ya vitamini au madini tu ndiyo ruksa.

Nikamwambia funga kitabu, nieleze kama uko kliniki. Akaandika: "Kabla ya miezi 6 mtoto hapewi maji wala uji, ila dawa aliyoandikiwa anapewa." Tukalinganisha na chanzo, tukaacha rejea ya Shirika la Afya Duniani palepale. Rangi kwenye orodha ya marejeo hatukuigusa.