Kabla binti hajaandika Kiswahili juu ya kila neno

Mama mmoja wa Ujiji, muuza dagaa anayeamkia mwalo wa Kibirizi, alikuwa akijivunia daftari la bintiye wa kidato cha kwanza. Juu ya kila neno la Kiingereza mtoto alikuwa ameandika neno la Kiswahili kwa penseli. Aya moja ya Biolojia ilimla jioni nzima. Mama aliona bidii.

Siku moja alimwambia, "Hebu nieleze hapo wanasema nini." Binti alianza kumsomea maneno ya penseli, moja baada ya jingine. Hayakuunda habari yoyote. Ndipo akasema kilichokuwa kikimsumbua: hakuwa akinyoosha tena mkono darasani. Alimwomba mwenzake rula akasema, "Please borrow me your ruler," darasa likacheka.

Jioni ile walikwenda kwa jirani yao, mwalimu mstaafu. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee alieleza kosa lilikotoka. Kiswahili kina "azima" moja. Ninaazima kwako, nawe unaniazima, kitenzi ni kilekile. Kiingereza kimegawa mambo: anayepokea, kazi yake ni "borrow", anayetoa, kazi yake ni "lend". Binti alitafsiri sawasawa na bado akakosea.

Mzee akatoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Chini ya "borrow" ilieleza kwamba ni kuchukua kitu cha mtu na kukirudisha baadaye. Chini ya "lend", kwamba ni kumpa mtu kitu akitumie kwa muda. Mfano wa sentensi ulionyesha kitu kinakotoka na kinakokwenda. Binti akacheka mwenyewe.

"Lakini mwanangu, si kila kamusi ya namna hii inakufaa," mzee akaonya. Zipo zilizoandikwa kwa wenye lugha yao, na maelezo yake huwa magumu kuliko neno lenyewe. Ya mwanafunzi wa lugha hutumia maneno machache ya kawaida. Ile ya Longman iliyotoka mwaka 1978 ilieleza maneno yake kwa kutumia maneno yapatayo 2,000 tu. Mzazi anaweza kuipima dukani. Mtoto afungue neno analolijua, kama "goat". Kama maelezo ya mbuzi yana maneno matatu asiyoyajua, kamusi hiyo isubiri.

Kisha akampa utaratibu. Asome aya nzima kwanza bila kufungua kitu. Apige mstari chini ya maneno yaliyomzuia kuelewa, si kila neno geni. Yakizidi matano, achague matano. Akihangaika kulipata "carried", atafute "carry", maana kamusi huweka kitenzi katika umbo lake la msingi. Akilipata neno, asome mfano kwanza, halafu maelezo, kisha arudi kwenye aya aone ni maana ipi inayokaa pale.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili akakwama. Alitafuta "lung". Maelezo yakamtaja "organ". Akafungua "organ", akakuta na kinanda cha kanisani. Nusu saa ikapita, na kifua kikawa kimeingiliana na kwaya.

Mzee hakushangaa. Majina ya vitu, kama viungo vya mwili, samaki, miti na magonjwa, hayahitaji mzunguko huo. Akamfungulia kamusi ya Kiingereza-Kiswahili: pafu. Binti akakumbuka mara moja yote aliyofundishwa kuhusu mapafu shule ya msingi, kwa Kiswahili. Neno moja lilimfungulia somo zima, kwa sababu elimu alikuwa nayo tayari.

Tangu hapo wana kanuni ya nyumbani. Neno la tendo, hisia au uhusiano, ambalo Kiswahili na Kiingereza huligawa tofauti, linakwenda kwenye kamusi ya Kiingereza. Jina la kitu linakwenda kwenye ya Kiswahili. Na kama maelezo yamemlazimu kufungua neno la pili na bado haoni picha, anafunga na kuhamia nyingine bila aibu.

Mama huyo hajui Kiingereza, lakini ndiye msahihishaji. Usiku, akichambua dagaa, humwambia binti afunge kitabu amsimulie aya kwa Kiswahili chake mwenyewe. Akisimulia bila kusita, ameelewa. Akianza kukwama na kutaja neno mojamoja, mama hujua penseli imerudi, na humwambia, "Fungua tena, mwanangu. Anza na aya nzima."

Juzi binti aliomba rula tena darasani. Safari hii alisema "lend".