Kioo cha Kamera Kilivyonipofusha

Nimepiga picha za harusi hapa Tanga kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo sikujua kama picha niliyopiga ina mwanga wa kutosha. Nilidhani najua. Nilikuwa nafyatua, nainamia kioo cha nyuma ya kamera, naona bibi harusi anapendeza, naendelea. Picha zikitoka nyeusi kwenye karatasi nilikuwa na maneno tayari: mashine ya kuoshea picha ni mbovu, au wino umekwisha. Mteja akisema kwamba hata kwenye simu yake ni nyeusi, nilimwambia aongeze mwanga wa simu. Nayasema haya kwa sababu huenda wewe unayenisoma uko hapo nilipokuwa.

Harusi iliyonifikisha mwisho ilikuwa ya usiku, ukumbini. Taa kubwa zilizimwa ili zile za rangi zionekane, na mimi niliona kila kitu kiko sawa kwenye kioo. Nilipofungua picha kwenye kompyuta mchana wa siku iliyofuata, karibu zote zilikuwa giza. Mama wa bibi harusi alikuja kuzitazama, akapekua taratibu, akauliza: “Mwanangu, bibi wa binti yangu yuko wapi? Si alikuwa amekaa hapa pembeni?” Alikuwa amekaa pale kweli, amevaa buibui, na picha haikumwonyesha. Sikuwa na jibu. Yule mama alikuwa na haki ya kudai pesa zake zote na hakudai. Alisema tu, jaribu kama kuna unachoweza kuokoa.

Nilichukua kadi ya kamera nikaenda kwa mzee mmoja mwenye studio, mtu aliyeanza kazi zama za filamu. Nilikuwa nimemnyang'anya wateja kwa kutoza bei ndogo, na nilitegemea anifukuze. Alinipa kiti. Akaweka kadi kwenye kamera yake, akafungua picha moja, kisha akabonyeza kitufe cha INFO mara kadhaa mpaka picha ikawa ndogo na pembeni yake ikatokea grafu. Akaifunika picha kwa kidole gumba, akaacha grafu peke yake.

“Picha hii ina giza au haina?”

“Shikamoo yako, mzee, siioni picha.”

“Marahaba. Ndiyo maana nimeificha. Niambie kwa hiyo grafu.”

Ile grafu, yaani histogramu, ilikuwa ndani ya kamera yangu tangu siku niliyoinunua. Nilikuwa nikiipita kila ninapobonyeza kitufe kile, nikiiona kama pambo la mafundi wa kompyuta.

Mzee alinieleza hivi. Picha imejaa vitone, na kila kitone kina namba ya mwangaza kuanzia 0, ambayo ni nyeusi tupu, hadi 255, ambayo ni nyeupe tupu. Kamera inavipanga vitone hivyo kwa namba zake, kama muuza sokoni anavyopanga mafungu: vya giza kushoto, vya mwanga kulia, vya wastani katikati. Fungu lenye vitone vingi linakwenda juu, lenye vichache linabaki chini. Grafu haikuambii nini kiko wapi kwenye picha. Inakuambia tu kuna giza kiasi gani na mwanga kiasi gani, na haidanganywi na macho yako.

Macho yangu yalikuwa yamedanganywa na kioo. Katika ukumbi wenye giza, kioo kinang'aa kuliko kila kitu kilicho karibu, kwa hiyo hata picha nyeusi inaonekana ina nuru. Juani ni kinyume: kioo kinafifia, unadhani picha ni nyeusi, unaongeza mwanga, unaiunguza. Kumbe makosa yangu ya usiku na ya mchana yalikuwa na chanzo kimoja.

Katika zile picha za ukumbini mlima wote wa grafu ulikuwa umejibana kwenye ukuta wa kushoto, na kuanzia katikati kwenda kulia hapakuwa na kitu ila mchirizi mwembamba wa taa. Tulikaa na mzee hadi usiku tukijaribu kuziokoa. Kwenye programu ya GIMP alifungua Colors, kisha Levels. Pale chini ya grafu kuna pembetatu tatu: nyeusi kushoto, ya kijivu katikati, nyeupe kulia. Alivuta nyeupe kutoka 255 akaisogeza kushoto hadi karibu na 140, na papo hapo sura za watu zikajitokeza. Taa za ukutani ziliungua kabisa. Tukakubali, kwa sababu aliyeoa si taa. Lakini sura zilikuja na chenga nyingi, na tulipotazama grafu upya ilikuwa na mapengo kama meno ya kitana, kwa kuwa namba chache zilizokuwepo zilikuwa zimenyooshwa kuziba nafasi kubwa.

Bibi hakupatikana. Vitone vya pale alipokaa vilikuwa vimegonga ukuta kwenye 0, na palipo na 0 hapana cha kuvuta. Mama alipokea picha zilizookolewa, akanishukuru, na baadaye akaniita tena kwenye shughuli ya mwanawe mwingine. Sikustahili. Mzee naye alikataa malipo.

Baada ya hapo nilianza kujifunza, na nikaanguka upande mwingine. Nilidhani grafu nzuri ni mlima uliosimama katikati, nikawa nailazimisha kila picha ifanane hivyo. Ilichukua harusi kadhaa kutambua kwamba ndipo nilipokuwa nawaumiza watu wangu zaidi.

Fikiria picha ya nje ya msikiti baada ya nikahi. Wanaume wamejipanga kivulini, wote kanzu nyeupe, nyuma yao ukuta wa chokaa. Kipima mwanga cha kamera hakijui kanzu ni nyeupe. Kimetengenezwa kuamini kwamba kila kinachokiona, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani, basi kikiona weupe mwingi kinapunguza mwanga hadi weupe huo uwe kijivu. Grafu yake inatoka na mlima mkubwa katikati, kulia patupu, na kilima kidogo kimejikunja karibu na ukuta wa kushoto. Kile kilima cha kushoto ni sura za watu. Ngozi zetu nyeusi zimesukumwa gizani ili kanzu ziwe kijivu. Kwa miaka yote ile nilikuwa nawarudishia watu picha ambazo hawaoni macho yao wenyewe, nami naamini ndivyo kamera ilivyo.

Dawa yake ni ndogo. Mimi hutumia modi ya Av, kwa hiyo nashika kitufe cha +/- nazungusha hadi +1, ambayo inaongeza mwanga mara mbili. Napiga, natazama grafu. Mlima wa kanzu umesogea kulia lakini bado kuna nafasi. Nafika +1 na theluthi moja: sasa mguu wa mlima unakaribia ukuta wa kulia bila kuupanda, na kile kilima cha sura kimeachana na giza, kimesogea kuelekea katikati. Hapo naacha. Anayetumia modi ya M hatapata kitu kwenye kitufe hicho kama ISO ameifunga. Itambidi apunguze kasi ya shata, afungue lenzi au apandishe ISO.

Kwa nini nisiendelee zaidi, sura zing'ae? Kwa sababu ya ukuta wa kulia. Mlima ukigandamana nao na kupanda kama mti uliosimama wima, vitone hivyo vimefika 255 na nakshi zake zimepotea. Gauni la bibi harusi linakuwa kipande kimoja cheupe, darizi hakuna, mikunjo hakuna. Picha yenye giza kidogo inaweza kuinuliwa kwa gharama ya chenga; iliyoungua hairudi. Ukipiga RAW unapata nafasi kidogo ya kurudisha mwanga, maana grafu ya kamera inachorwa kutokana na picha ya JPEG iliyoandaliwa ndani, nayo hulalamika mapema kuliko RAW yenyewe. Ila nafasi hiyo ni ndogo, na kitone kilichojaa kabisa hata RAW haikirudishi. Taa ya gari au jua linalomulika majini viache viungue, havina nakshi ya kupoteza.

Grafu nyingine kabisa nilikutana nayo Lushoto, kwenye picha za maharusi asubuhi ya ukungu. Hakuna kilichoungua wala kilichozama, lakini picha zilikuwa zimepauka, hazina uhai. Grafu ilionyesha mlima mwembamba katikati, umeanzia kama 70 na kuishia karibu na 190, pande zote mbili patupu. Maana yake hakuna cheusi cha kweli wala cheupe cha kweli. Suti nyeusi ni kijivu na shela ni kijivu. Kwenye Levels nilisogeza pembetatu nyeusi hadi mlima unapoanzia, na nyeupe hadi unapoishia. Suti ikawa nyeusi, shela ikawaka. Lakini ukungu ulitoweka, na maharusi walikuwa wamepanda hadi Lushoto kwa ajili ya ukungu huo. Nikarudi nyuma kiasi: nyeusi nikaiacha kama 40, nyeupe 210. Kipimo cha kuvuta kinategemea ulichokwenda kupiga.

Hilo ndilo lililonitoa kwenye kulazimisha mlima ukae katikati. Mama aliyevaa buibui mbele ya mlango mweusi wa mbao anastahili grafu iliyoelemea kushoto, na ukiisukuma katikati buibui linakuwa la kijivu, sura inapauka. Sasa kabla ya kutazama grafu najiuliza kwanza mbele yangu kuna nini kingi, cheupe au cheusi, kisha ndipo natazama kama mlima umekaa kwa namna hiyo.

Bado hunishinda khanga nyekundu chini ya taa za njano. Grafu ya jumla inaonekana salama kabisa, nami naondoka na furaha, kumbe rangi nyekundu peke yake imeshaungua na maua ya khanga yameyeyukiana. Kamera nyingi zina grafu tatu za rangi, nyekundu, kijani na bluu, ukibonyeza INFO mara moja zaidi. Khanga ikiwa mbele yangu naitazama ile nyekundu. Ikigusa ukuta wa kulia napunguza theluthi moja, nakagua, na mara nyingi inabidi nipunguze theluthi nyingine, kisha nyumbani nainua sura taratibu kwa pembetatu ya kijivu.