Elfu Kumi na Nane Kabla ya Njaanuari

Barua zote za kuomba advansi kazini kwetu hupitia mezani pangu kabla hazijafika kwa Madamu. Kampuni ni ndogo, watu thelathini na kitu, tunachapisha lebo na maboksi kule Inda, na kwa miaka miwili kazi yangu imekuwa kutayarisha mishahara. Nimesoma barua za kila aina. Kuna ile ya mstari mmoja: "Naomba advansi kwa sababu ya shida za kifamilia." Kuna ile ya kurasa tatu, yenye mistari ya Biblia na historia ya ukoo mzima. Karibu zote hukosa kitu kile kile, yaani pesa itarudi vipi. Mtu anakueleza shida yake mpaka unatafuta kitambaa, halafu anamalizia na "nitalipa nikipata." Utapata wapi, ndugu yangu, na mimi ndiye nakuandikia mshahara?

Agosti ikafika zamu yangu.

Mdogo wangu alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na barua ya chuo ilisema aripoti wiki ya kwanza ya Septemba akiwa na nusu ya karo, Sh30,000. Juu ya hiyo kulikuwa na sare, viatu, godoro na vitu vingine vidogo, jumla Sh9,000. Mama kule Kitui alikuwa ameuza mbuzi wawili akapata Sh14,000. Mimi nilikuwa na Sh4,000. Asiporipoti kwa wakati, nafasi inaenda kwa mwingine, na yeye anarudi kuuza mitumba sokoni akingoja mwaka ujao. Kwetu, "mwaka ujao" ni neno ambalo tayari limekula ndoto za watu wawili, mmoja wao mimi.

Kabla ya kuandika chochote nilijiuliza ninaomba pesa ya aina gani, kwa sababu neno advansi linabeba vitu viwili tofauti. Ukiomba tarehe 18, na umeshafanya kazi siku kumi na nane, unaomba pesa ambayo kwa kiasi kikubwa umeshaitolea jasho. Inakatwa yote mwisho wa mwezi huo huo na mambo yanaisha. Lakini ukiomba pesa utakayolipa kwa miezi kadhaa, huo ni mkopo, hata kama kila mtu ofisini anauita advansi. Bosi anakupa mshahara wa siku ambazo bado hujafanya kazi. Swali lake basi halihusu ukubwa wa shida yako. Anataka kujua kama utakuwa hapa Novemba, na kama utakuwa unakula.

Njia nyingine nilizipima. Kwenye sako nilikuwa sijamaliza miezi sita, kwa hivyo mkopo haukuwepo. Apu za simu zingenipa pesa kwa dakika tano, ila ile niliyoangalia ilitaka yote ndani ya siku thelathini, na riba juu. Shida ya mkopo kama huo ni riba, ndiyo, lakini zaidi ni zile siku thelathini. Mtu anayebaki na Sh31,000 hawezi kutoa Sh18,000 na zaidi kwa mpigo mmoja halafu alipe nyumba. Atakopa kwingine alipe hapo, na kabla ya Krismasi simu yake inaita na hapokei.

Nikaanza na kiasi. Sh39,000 zinahitajika, Sh18,000 ziko, pengo ni Sh21,000. Nilimpigia mdogo wangu tukaipitia orodha ya chuo kitu kwa kitu. Sare ya pili na koti la baridi vilikuwa vitu vya kungoja mpaka Oktoba, na hivyo ni Sh3,000. Pengo likawa Sh18,000. Kupunguza huko kunaonekana kudogo, lakini Sh3,000 ni kama siku kumi za chakula changu.

Halafu kulipa. Mshahara wangu kabla ya makato ni Sh42,000. Ikitoka kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya na ushuru wa nyumba, zinabaki kama Sh34,000. Sako inachukua Sh3,000, kwa hivyo mkononi ni Sh31,000. Hapo ndipo hesabu inaanzia. Wengi huanzia kwenye zile Sh42,000, kwa sababu ndizo wanazozitaja wakiulizwa wanalipwa ngapi, na mpango wao wa kulipa unakuwa umekufa kabla haujazaliwa.

Matumizi yangu kwa mwezi: bedsita huko Kayole Sh10,500 pamoja na maji na takataka, nauli Sh4,000, chakula Sh9,000, stima na gesi Sh1,500, na Sh3,000 za Mama. Jumla Sh28,000. Kwa hivyo ninabaki na Sh3,000 peke yake. Ningeandika kwamba nitalipa Sh6,000 kwa miezi mitatu, barua ingependeza sana, na Oktoba ningerudi kuomba nyingine. Hiyo ndiyo dalili ninayoiona kwenye orodha ya mishahara. Jina moja linatokea Machi, Aprili, Mei, na kila mara kiasi kinaongezeka kidogo. Mtu huyo hana shida tatu. Ana makato yaliyokuwa makubwa kuliko nafasi aliyokuwa nayo, na kila advansi mpya inaziba shimo lililochimbwa na ile ya kwanza.

Nilitafuta nafasi mahali mbili. Mama alikubali nimtumie Sh1,500 badala ya Sh3,000 mpaka Desemba. "Si ni mtoto wangu unasomesha?" akasema, akanikatia simu kabla sijaanza kumshukuru. Sako yetu inaruhusu mchango ushuke hadi Sh1,000, na hapo nikapata Sh2,000. Sasa mkononi ni Sh33,000 na matumizi ni Sh26,500. Zinabaki Sh6,500, na sikukusudia kuzitoa zote, maana kila mwezi kuna mtu anafiwa au gesi inaisha siku isiyotarajiwa.

Elfu kumi na nane kwa miezi minne ni Sh4,500 kila mwezi. Sikuiandika hivyo, kwa sababu ya Desemba. Kwetu mshahara wa Desemba hulipwa mapema, karibu tarehe 20, watu waende ushago. Ule wa Januari unakuja mwisho wa Januari. Hizo ni siku arobaini kwa mshahara wa siku thelathini, na katikati kuna nauli zilizopandishwa, wageni, na karo za watoto wa kila mtu. Ndiyo maana tunaiita Njaanuari. Kwa hivyo nilipanga nikatwe Sh5,000 Septemba, Oktoba na Novemba, halafu Sh3,000 tu Desemba. Mzigo unakaa kwenye miezi yenye nguvu, na mwaka ukianza sidaiwi.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara, ili angalau theluthi moja ikufikie. Kwangu mimi theluthi moja ni Sh14,000. Ukinikata mpaka nibaki na hizo, ukomo huo hauna neno. Lakini jaribu kuishi Nairobi na Sh14,000 wakati nyumba peke yake ni Sh10,500. Ukomo wa sheria uko mbali sana na ukomo wa sufuria, na anayepanga kwa kuangalia ule wa kwanza atakutana na wa pili wiki ya pili ya mwezi.

Sababu niliiandika kwa sentensi moja, na nikaambatisha barua ya chuo. Hili huwasumbua wengi, kujua useme kiasi gani. Ukificha kila kitu nyuma ya "shida za kifamilia," bosi anabaki kukisia, na watu wakikisia hukisia vibaya. Ukimwaga kila kitu, barua inazunguka ofisini na wiki ijayo dereva anakuuliza habari za mbuzi wa mama yako. Sema jambo ambalo karatasi inaweza kulithibitisha, halafu nyamaza. Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"Madamu, naomba advansi ya Sh18,000, ilipwe kabla ya tarehe 29 Agosti. Ni ya kukamilisha karo ya mdogo wangu, anayeripoti chuoni wiki ya kwanza ya Septemba. Barua ya chuo nimeiambatisha, na ikiwa ni sawa kwako, pesa zilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Naomba nikatwe Sh5,000 Septemba, Sh5,000 Oktoba, Sh5,000 Novemba na Sh3,000 Desemba. Pamoja na haya, makato yangu yote hayatazidi Sh14,000 kwa mwezi. Nikiacha kazi kabla ya kumaliza, salio likatwe kwenye malipo yangu ya mwisho."

Siku ya kuipeleka niliichagua pia. Mishahara tunaifunga tarehe 22, na baada ya hapo hakuna anayetaka kusikia neno advansi. Mapema kwa mwezi nako si kuzuri, maana wateja wakubwa bado hawajalipa. Nilingoja mpaka hundi mbili zilipoingia, nikampelekea mhasibu mkuu asubuhi ya tarehe 14, kabla ya chai.

Alivaa miwani, akaisoma mara mbili.

"Kwa nini hukuandika elfu ishirini na tano? Unajua Madamu hupunguza."

"Najua, Mzee. Lakini nikiongeza, mpango wa kulipa utakuwa uongo."

"Na akipunguza?"

"Basi aniambie ni shilingi ipi kwa hizi haihitajiki. Zote ziko hapo."

Alicheka kwa pua. Tabia hii ya kuomba kwingi ili upunguziwe ninaielewa, hata sokoni tunafanya hivyo, lakini kwenye barua ya advansi inakuharibia. Bosi akishazoea kwamba kila kiasi kina hewa ndani, atamkata hata yule aliyeandika ukweli. Mzee alichukua kikokotoo, akajumlisha makato yangu mwenyewe, akaweka alama ya tiki pembeni. Hakuniuliza chochote kuhusu mdogo wangu. Alichouliza ni kimoja tu: "Desemba umeweka tatu kwa sababu ya Januari, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Akatia sahihi.

Madamu aliirudisha siku iliyofuata na maneno matatu kwa kalamu nyekundu: "Sawa. Lipa chuo."

Mdogo wangu aliripoti Jumanne na akanitumia picha ya risiti, na nyingine ya kitanda cha juu kisicho na shuka. Mwisho wa Septemba niliandaa mishahara kama kawaida, na nilipofika kwenye jina langu nikaandika makato: advansi 5,000, salio 13,000. Gesi yangu ilikuwa imeisha wiki iliyotangulia. Nilikuwa nimepika kwa jiko la jirani siku nne, na jioni hiyo nikapitia dukani kujaza mtungi.